Swali la breki-iveni la kinu cha alizeti: faida inatoka ileile, madumu hayalingani. Nani kakosea?

MwanaNgongona

Wakuu habari za jioni. Niko chuo hapa Dodoma, mwaka wa kwanza. Wiki ijayo tuna jaribio la somo la biashara, na kundi letu la kujisomea limegawanyika kwa swali moja la zamani. Naliandika lote kama lilivyo:

"Kinu kidogo cha kukamua alizeti kinauza mafuta kwenye madumu ya lita 5 kwa Sh 28,000 kila dumu. Kwa kila dumu, mbegu ni Sh 17,500, dumu tupu na lebo Sh 1,500, na mfungashaji analipwa Sh 1,000. Kila mwezi kinu hulipa pango Sh 600,000, mishahara Sh 900,000, na uchakavu wa mashine ni Sh 900,000. Bili ya umeme ilikuwa Sh 500,000 mwezi yalipotoka madumu 400, na Sh 700,000 mwezi yalipotoka madumu 600. Mwezi ujao wamepanga kuuza madumu 500. Uwezo wa mashine ni madumu 700 kwa mwezi. Tafuta mchango kwa dumu, breki-iveni na ukingo wa usalama, kisha chora chati na uonyeshe vyote."

Mimi nimechukua umeme wa madumu 500 kuwa Sh 600,000, katikati ya zile bili mbili, nikauweka kwenye gharama za kudumu pamoja na pango, mishahara na uchakavu. Zimefika 3,000,000. Mchango wangu, yaani bei toa gharama zinazokwenda na kila dumu, ni 8,000, na breki-iveni, pale pasipo faida wala hasara, ni madumu 375. Mwenzangu kapata mchango 7,000 na breki-iveni 358. Cha ajabu, kila mmoja akikokotoa faida ya madumu 500 anapata milioni 1 kamili. Sasa kama faida ni moja, si majibu yote mawili yako sawa?

Dereva_Kizota

Mbona ni jepesi. Mashine inatoa 700, ukitoa 375 unabaki na 325. Huo ndio ukingo wa usalama. Kwani hiyo 700 wameiweka ya nini?

MwanaNgongona

Kaka, nadhani ukingo unatoka kwenye mauzo waliyopanga, yaani 500. Hiyo 700 sijui wameiweka ya nini.

Kidato_Sita_Milele

Dada, jibu lako liko sawa, usitishwe. Faida ndiyo hakimu. Ukikokotoa mbele na nyuma ikatoka milioni 1 ileile, hesabu imefunga. Na kwenye chati, ukingo wa usalama ni pale kwenye 500: unapima kutoka mstari wa gharama zote mpaka mstari wa mauzo. Pengo hilo ni Sh 1,000,000. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na nilipata B ya Komasi.

MamaHesabu_Ipagala

Jamani, subirini kidogo. Hapo kuna mambo mawili yamechanganyika, na yote mawili huwatoa watu alama.

Naanza na umeme. Binti, umeuchukua wote ukauweka upande wa gharama za kudumu. Hebu itazame bili yenyewe. Madumu yameongezeka kutoka 400 hadi 600, bili ikapanda kwa 200,000. Kwa hiyo kila dumu la ziada limekula umeme wa Sh 1,000. Gharama ya kudumu haipandi madumu yakiongezeka, na hii imepanda, maana yake sehemu yake inakwenda na madumu. Sasa rudi kwenye mwezi wa madumu 400. Kwa Sh 1,000 kila moja, umeme uliokwenda na madumu ni 400,000, lakini bili ilikuwa 500,000. Hiyo 100,000 iliyobaki ndiyo wanayolipa hata mashine ikilala mwezi mzima. Jaribu na mwezi wa 600: 600,000 na 100,000 ni 700,000. Imekaa.

Basi gharama badilifu kwa dumu ni mbegu 17,500, dumu na lebo 1,500, mfungashaji 1,000 na umeme 1,000, jumla 21,000. Bei ni 28,000, mchango 7,000. Gharama za kudumu ni 600,000 na 900,000 na 900,000 na 100,000, yaani 2,500,000. Gawanya kwa 7,000 unapata 357.14. Mwenzako yuko sahihi.

Sasa kwa nini faida imetoka ileile? Kwa sababu umeipima palepale kwenye madumu 500, na hiyo 600,000 yako ndiyo umeme halisi wa madumu 500. Kwenye sehemu hiyo moja njia zote mbili zinatoa gharama sawa, Sh 13,000,000. Ukisogea tu, zinaachana. Pima kwenye madumu 400. Kwa njia yako ni 400 mara 8,000, toa 3,000,000, faida 200,000. Kwa njia ya mwenzako ni 400 mara 7,000, toa 2,500,000, faida 300,000. Nani mkweli? Swali lenyewe limeshajibu: bili ya madumu 400 ilikuwa 500,000, wakati hesabu yako bado inakulipisha 600,000.

Kwa hiyo ndugu wa Kidato cha Sita, faida ya kiwango kimoja haiwezi kuwa hakimu hapa. Ukitaka kujua kama umegawa gharama vizuri, pima kwenye kiwango kingine ambacho swali limekupa takwimu zake. Ukingo wa usalama nitaurudia, naepua ugali kwanza.

MwanaNgongona

Ahsante sana mama, sasa nimeelewa kwa nini tulikuwa tunabishana bila mshindi. Kila tukihakiki tunahakiki kwenye 500 tu!

Swali la pili. Je, ningekuwa nimegawa bili kwa madumu, 500,000 kwa 400, nikapata 1,250 kwa dumu, nikaweka umeme wote upande wa gharama badilifu?

MamaHesabu_Ipagala

Lingekuwa kosa lilelile upande wa pili. Gawa na ile nyingine: 700,000 kwa 600 ni kama 1,167. Umeme wa dumu moja ungekuwa badilifu mtupu, ungetoka sawa miezi yote miwili. Haujatoka sawa, basi ndani yake kuna kitu cha kudumu kimejificha. Ni kipimo cha nusu dakika, kifanye kabla hujaandika chochote.

Kidato_Sita_Milele

Kwenye umeme nakubali, sikuutazama vizuri. Kwenye chati sitoki. Pengo la milioni 1 pale kwenye 500 lipo, mtu yeyote akichora ataliona. Kama huo si ukingo wa usalama ni nini?

MamaHesabu_Ipagala

Ni faida, mdogo wangu. Pengo la wima kati ya mauzo na gharama zote ni faida ukiwa kulia kwa makutano, na ni hasara ukiwa kushoto. Ukingo wa usalama unajibu swali jingine kabisa: mauzo yanaweza kushuka kiasi gani kabla hatujaanza kula hasara? Kushuka kwa mauzo kunatembea kwenye mstari wa chini, ule wa madumu. Kwa hiyo unapima kwa ulalo, kutoka 500 ukirudi kushoto mpaka chini ya makutano. 500 toa 358 ni madumu 142, asilimia 28.4 ya mauzo yaliyopangwa.

Ukitaka kwa shilingi inawezekana, lakini ni shilingi za mauzo. Mauzo ya madumu 500 ni Sh 14,000,000. Mauzo ya breki-iveni ni gharama za kudumu 2,500,000 gawanya kwa 0.25, kwa sababu mchango wa 7,000 ni robo ya bei ya 28,000. Inatoka Sh 10,000,000 kamili. Ukingo ni Sh 4,000,000.

Na hapo ndipo milioni 1 yako inapoingia. Chukua robo ya hiyo milioni 4. Ni milioni 1, ile faida. Ukishavuka breki-iveni gharama za kudumu zimeshalipwa, kwa hiyo mchango wote wa mauzo ya ziada unageuka faida. Ulichokiona kipo kweli, umekipa tu jina la jirani yake.

Kidato_Sita_Milele

Haya mama, hapo umenimaliza. Ila mwalimu wetu alikuwa anaonyesha kwa mshale wa wima, naapa.

MamaHesabu_Ipagala

Labda alikuwa anaonyesha faida, wewe uko dirishani.

MwanaNgongona

😂😂 Mama, tusaidie na kuchora basi. Sisi tumechora, mistari ikakutana kwenye 380 mmoja, mwingine 340, na takwimu tulizotumia ni zilezile za mwenzangu.

MamaHesabu_Ipagala

Hilo halinishangazi. Mauzo yanapanda kwa 28,000 kila dumu, gharama zote kwa 21,000. Mistari miwili inayopanda kwa mwinuko unaokaribiana inakutana kwa pembe nyembamba sana, na unene wa penseli peke yake unaweza kukusogeza madumu kumi na zaidi. Ndiyo maana unakokotoa kwanza, chati inafuata.

Chora hivi. Chini weka madumu, sentimita 1 kwa madumu 50, mpaka 700. Wima weka shilingi, sentimita 1 kwa milioni 2, mpaka milioni 20. Hapo ndipo ile 700 iliyomsumbua kaka wa Kizota inapopata kazi: inakuambia chati iishie wapi. Hakuna maana ya kuchora madumu 1,000 kwa mashine isiyoweza kuyatoa.

Mstari wa mauzo unatoka sifuri mpaka milioni 19.6 kwenye 700. Mstari wa gharama za kudumu umelala kwenye milioni 2.5. Mstari wa gharama zote unaanzia kwenye 2.5 hiyohiyo, hauanzii sifuri, na unafika milioni 17.2 kwenye 700. Weka alama za mwisho kwanza, kule mbali kwenye 700, ndipo uunganishe kwa rula. Wanaoweka alama kwenye 50 na 100 kisha wakarefusha mstari kwa kukisia ndio wanaopata 340 na 380.

Ukijikuta mistari ya mauzo na gharama zote inatoka pamoja kwenye sifuri na haikutani tena mbele, usitafute rula nyingine. Umesahau kupandisha gharama za kudumu, ulichochora ni gharama badilifu peke yake.

Kutoka kwenye makutano shusha nukta nukta mpaka mstari wa chini, utasoma kidogo baada ya 350. Andika 358 uliyoikokotoa. Kisha shusha nyingine kutoka 500. Katikati ya hizo mbili, chini kabisa, chora mshale wenye ncha mbili uandike ukingo wa usalama.

Binafsi huwa naongeza mstari mmoja ambao wengi hawauweki, ule wa gharama badilifu kutoka sifuri hadi milioni 14.7. Bila huo, mchango hauonekani popote kwenye chati yako, na swali limesema "uonyeshe vyote". Ukiuweka, pengo kati yake na mauzo ndilo mchango. Kwenye 500 ni 14 toa 10.5, milioni 3.5. Humo gharama za kudumu zinachukua 2.5, inabaki 1.

Mzee_wa_Kinu

Wanangu nimesoma uzi huu wote nikacheka. Mimi nakamua alizeti Kibaigwa. Huyu aliyetunga swali hajawahi kuingia kinuni. Mashudu yako wapi?

MwanaNgongona

Shikamoo mzee. Mashudu hayakutajwa kabisa kwenye swali.

Mzee_wa_Kinu

Marahaba. Ndiyo nasema hayakutajwa! Kwangu mimi mafuta yananilipia mbegu na umeme, pesa ninayoiona mkononi ni ya mashudu. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayafuata hukuhuku kinuni. Sema kila dumu moja la mafuta linakuachia mashudu ya Sh 3,000. Huyo mwenye kinu chenu anayatupa?

Halafu hiyo mbegu ya 17,500. Ni ya mwezi gani? Mwezi wa sita, wa saba, alizeti imetoka shambani, kila mtu anauza, bei iko chini. Nenda mwezi wa kumi na mbili uone. Ukikamua mwaka mzima kwa bei moja ya mbegu, kinu hicho kiko kwenye karatasi tu.

MamaHesabu_Ipagala

Mzee, shikamoo. Umegusa penyewe. Tuyaingize yako tuone.

Mashudu ya 3,000 kwa dumu yanatoka kila unapokamua, kwa hiyo yanakwenda na madumu kama mbegu inavyokwenda. Yanaongeza mchango kutoka 7,000 hadi 10,000. Breki-iveni inashuka kutoka 358 hadi 250. Kwa mipango ileile ya madumu 500, ukingo unakuwa nusu ya mauzo. Ni kinu kingine kabisa.

Sasa geuza. Mashudu tusiyahesabu, mbegu ipande kutoka 17,500 mpaka 20,000, bei ya dumu ibaki 28,000. Mchango unabaki 4,500. Breki-iveni ni 2,500,000 gawanya kwa 4,500, madumu 556. Mpango wao ni 500. Hawana ukingo tena, wana hasara ya Sh 250,000, na mashine haijaharibika wala mteja hajakimbia. Mbegu imepanda kwa asilimia 14 hivi, breki-iveni imeruka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kupanda kote kumekatwa kwenye mchango, na mchango ulikuwa mdogo tangu mwanzo.

Ila binti, kwenye jaribio usiingize mashudu. Jibu swali lililoulizwa. Kama wana kipengele cha "taja mapungufu ya chati hii", hapo ndipo umlete mzee: mstari wa gharama umenyooka kwa sababu tumedai bei ya mbegu haibadiliki, na tumedai kila kilichokamuliwa kimeuzwa.

Mzee_wa_Kinu

Hilo la mwisho nalo andika kwa wino mzito. Mafuta yaliyokaa stoo hayalipi pango.

Na mimi nina swali. Mfungashaji wenu analipwa 1,000 kwa dumu. Wangu analipwa kwa siku, kuwe na kazi kusiwe na kazi. Huyo namweka wapi?

MamaHesabu_Ipagala

Kama yupo kila siku na unamlipa hata siku ya madumu mawili, kwa mwezi mmoja mweke kwenye gharama za kudumu. Kama siku zisizo na mbegu unamwambia asije, hapo sina jibu moja. Anapanda kwa ngazi, si kwa mstari ulionyooka. Itabidi uhesabu kwa siku za kukamua.

Mzee_wa_Kinu

Huwa namwambia asije, lakini nampa ya nauli. 😄

Mwalimu_Kongwa

Nimechelewa kuingia. Nafundisha somo hili na ninasahihisha. MamaHesabu kaeleza vizuri, ila nina neno kuhusu 358. Nukta yenyewe ni 357.14. Ukiandika 358, pale si breki-iveni tena, kuna faida ya Sh 6,000. Mimi natoa alama zote kwa 357.14, na hata kwa 357 kama mwanafunzi kaandika "takriban".

MamaHesabu_Ipagala

Mwalimu, kwa 357 mchango ni 2,499,000. Bado kuna hasara ya Sh 1,000. Hakuna anayeuza robo ya dumu, kwa hiyo dumu la kwanza linalokutoa kwenye hasara ni la 358. Hapa unapandisha hata desimali ikiwa ndogo, hufuati ile kanuni ya chini ya nusu unashusha.

Mwalimu_Kongwa

Kwa madumu nakuelewa. Lakini tazama ukingo. Ukitumia 358 unapata madumu 142, mara 7,000 ni 994,000. Faida ni 1,000,000. Mwanafunzi makini atahakiki, aone haifungi, aanze kufuta kazi nzuri. Ukitumia 357.14 ukingo ni 142.86, na inafunga kwenye 1,000,000. Asilimia nayo inakuwa 28.57, si 28.4.

MamaHesabu_Ipagala

Zile 6,000 zinazokosekana ndizo ulizozitaja mwenyewe, faida iliyokwishapatikana kwenye dumu la 358. Akijua hilo hafuti kitu. Mimi ningemwambia abaki na desimali kwenye kukokotoa, apandishe kwenye jibu la madumu tu.

Mwalimu_Kongwa

Na kwenye asilimia?

MamaHesabu_Ipagala

Kwenye asilimia aanze na mauzo: milioni 4 kwa milioni 14, 28.57. Lakini nakiri nimeona miongozo ya kusahihisha yenye 28.4, na nimeona yenye 28.57.

MwanaNgongona

Sasa mimi Jumatatu niandike ipi?

Mwalimu_Kongwa

Andika 357.14, kisha mstari unaofuata "yaani madumu 358". Kwenye asilimia onyesha umetumia ipi. Mimi nitakupa alama, wa kwenu simjui.

Dereva_Kizota

Kwa hiyo ile 325 yangu haina alama hata moja?

MamaHesabu_Ipagala

Hata moja. Ila 700 toa 500 ni madumu 200 ambayo mashine inaweza kutoa na hayajapangwa. Kwa mchango wa 7,000 hiyo ni Sh 1,400,000 nyingine, kama wateja wapo na mbegu ipo. Muulize Mzee wa Kinu kama mwezi wa kumi na mbili anaipata.

Mzee_wa_Kinu

Mwezi wa kumi na mbili nafungua siku mbili kwa wiki.